Plagini iliyozimwa bado ipo: namna ya kulinda tovuti ya WordPress

Tovuti ya WordPress huvamiwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni ukurasa wa kuingilia. Mtu asiyehusika hupata jina la mtumiaji na nywila yake, kisha huingia kama msimamizi halali, na mfumo hauna namna ya kumtofautisha na mwenyewe. Ya pili ni kasoro ya programu. Ndani ya seva kuna faili yenye kosa, na anayelijua kosa hilo hulitumia kupenyeza faili zake bila kuulizwa nywila yoyote. Nywila imara na uthibitisho wa hatua mbili hulinda njia ya kwanza, ilhali masasisho na ufutaji wa plagini zisizotumika hulinda ya pili. Ndiyo maana tovuti yenye nywila ndefu kupita zote inaweza kuvamiwa usiku mmoja kwa sababu ya plagini iliyosahaulika, na tovuti iliyosasishwa jana ikaangukia mikononi mwa mtu aliyebahatisha nywila ya katibu.

WordPress ilitolewa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, na leo inaendesha zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani. Wingi huo ndio unaowavuta wavamizi. Roboti zao hupita kwenye maelfu ya tovuti kwa saa moja zikijaribu mambo yale yale kila mahali, bila kujali kama tovuti ni ya benki, ya hoteli ya Paje au ya shule ya kata. Wanachotafuta mara nyingi si siri za mwenye tovuti. Wanataka seva ya kutumia barua pepe za kitapeli, mahali pa kupachika viungo vya kamari, au ukurasa bandia wa kukusanya nywila za wateja wa benki. Kwa kazi hizo, tovuti ndogo isiyoangaliwa na mtu huwafaa kuliko kubwa.

Nywila

Kila tovuti ya WordPress ina ukurasa wa kuingilia unaoitwa `wp-login.php`, na kila roboti inajua ulipo. WordPress yenyewe haiweki kikomo cha mara ambazo mtu anaweza kukosea nywila. Ukomo huo huwekwa na plagini ya ulinzi au na kampuni inayohifadhi tovuti, na bila huo roboti inaweza kujaribu usiku kucha. Anayefungua kumbukumbu za seva yake ataona mistari ya namna hii:

```
203.0.113.7 - - [12/Mar/2024:03:14:07 +0300] "POST /wp-login.php HTTP/1.1" 200
203.0.113.7 - - [12/Mar/2024:03:14:09 +0300] "POST /wp-login.php HTTP/1.1" 200
203.0.113.7 - - [12/Mar/2024:03:14:11 +0300] "POST /wp-login.php HTTP/1.1" 302
```

Namba ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa. WordPress hujibu 200 inapoonesha tena fomu ya kuingilia, yaani jaribio limeshindwa. Hujibu 302 inapompeleka mtu kwenye dashibodi. Mistari mingi ya 200 kutoka anwani moja, ikifuatiwa na 302, kwa kawaida ina maana kwamba roboti imepata nywila.

Roboti haianzi kwa kujaribu herufi zote zinazowezekana, kwa kuwa kazi hiyo ingechukua muda mrefu mno. Huanza na orodha. Mnamo Desemba 2009 kampuni ya RockYou ilivamiwa na nywila milioni 32 zikavuja zikiwa wazi kabisa, na orodha hiyo pamoja na nyingine nyingi zilizovuja baadaye ndizo malighafi ya wavamizi hadi leo. Juu ya orodha hizo huongeza makisio: jina la tovuti na mwaka, jina la mji, jina la klabu. Nywila kama Karibu2024, Simba1936 au jina la shule likifuatiwa na 123 hukidhi masharti ya herufi kubwa na tarakimu, lakini hazina nguvu, maana zimetokana na mambo ambayo kila mtu anaweza kuyawazia.

Nguvu ya nywila hutokana na urefu na kutotabirika. Maneno matano yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye kamusi, yasiyounda sentensi yenye maana, ni nywila nzuri inayoweza kukaririwa. Kwa zile zisizohitaji kukaririwa, njia bora ni kuiachia mashine. WordPress yenyewe, katika ukurasa wa wasifu wa mtumiaji, ina kitufe kinachotengeneza nywila ya herufi na alama 24, na nywila hiyo huhifadhiwa kwenye programu ya kutunza nywila kama Bitwarden au KeePass. Mtumiaji hubaki na nywila moja tu ya kukumbuka, ile ya kufungulia programu hiyo.

Hatari kubwa kuliko nywila fupi ni nywila moja kutumika sehemu nyingi. Mtu akitumia nywila ya tovuti yake kwenye duka la mtandaoni, na duka hilo likavamiwa, wavamizi huijaribu nywila hiyo kila mahali penye barua pepe ileile. Mwezi Juni 2024 jambo hilo liliwakuta hata watengenezaji wa plagini. Akaunti zao kwenye WordPress.org zilifunguliwa kwa nywila zilizokuwa zimevuja kwingineko, na plagini kadhaa, ikiwemo Social Warfare, zikatiwa msimbo uliokuwa ukijiundia msimamizi mpya katika kila tovuti iliyozipokea.

Ushauri wa zamani wa kubadilisha nywila kila baada ya miezi mitatu umeachwa na wataalamu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliuondoa katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kwa sababu watu wanaolazimishwa kubadilisha huishia kuongeza tarakimu moja mwishoni. Nywila hubadilishwa panapokuwa na sababu: mfanyakazi ameondoka, simu imeibiwa, au kuna dalili kwamba imevuja. Na kila mtu awe na akaunti yake, yenye uwezo unaolingana na kazi yake tu. Anayeandika habari hahitaji kuwa Administrator. Cheo cha Editor au Author kinamtosha, na nywila yake ikiibwa, mwizi hatapata uwezo wa kuongeza plagini.

Uthibitisho wa hatua mbili

Hata nywila bora inaweza kuibwa kwa kirusi kwenye kompyuta ya mgahawa wa intaneti au kwa ukurasa bandia. Hatua ya pili huhakikisha kwamba nywila peke yake haitoshi. Baada ya kuiandika, mtumiaji huombwa tarakimu sita kutoka kwenye programu iliyo katika simu yake, kama Google Authenticator au Aegis.

Siku ya kuunganisha, tovuti hutengeneza siri ndefu na kuionesha kama msimbo wa QR. Simu huupiga picha msimbo huo na kuhifadhi siri ile. Tangu hapo pande mbili zina siri moja, na kila moja huichanganya na saa ya wakati huo kwa kanuni iliyowekwa mwaka 2011, kisha hutoa tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30. Tovuti hulinganisha tarakimu zake na zile zilizoandikwa. Hakuna kinachotumwa kwenye simu, kwa hiyo programu hufanya kazi hata kama simu haina bando wala mtandao.

Kwa kuwa hesabu hiyo inategemea saa, simu ambayo saa yake imewekwa kwa mkono na kupishana na saa halisi kwa dakika chache hutoa tarakimu zinazokataliwa kila mara. Wengi hudhani tovuti imeharibika. Dawa yake ni kuruhusu simu ijiwekee saa yenyewe kutoka kwenye mtandao.

Tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe mfupi ni afadhali kuliko kukosa hatua ya pili kabisa, lakini zina udhaifu unaojulikana vizuri Afrika Mashariki. Tapeli akifaulu kumshawishi wakala amrudishie laini isiyo yake, ujumbe wote wa mwenye laini humfikia yeye. Siri iliyo ndani ya programu ya simu haihami pamoja na laini.

WordPress haiji na uthibitisho huu ndani yake, hivyo huongezwa kwa plagini. Inayojulikana zaidi kati ya zile za bure inaitwa Two-Factor, inayotunzwa na wachangiaji wa WordPress wenyewe. Ikishawekwa, kila mtumiaji huiwasha kwenye wasifu wake. Hapo hapo apate pia misimbo ya akiba, yaani namba kadhaa ambazo kila moja hutumika mara moja tu siku simu ikipotea. Misimbo hiyo ichapishwe na kufungiwa kabatini. Ikihifadhiwa kwenye simu ileile, itapotea pamoja nayo.

Hatua ya pili ina mipaka yake. Ukurasa bandia ulioandaliwa vizuri unaweza kumwomba mtu nywila na tarakimu sita na kuzipeleka kwenye tovuti halisi kabla sekunde 30 hazijaisha, ndiyo maana anwani iliyo juu ya kivinjari husomwa kwanza kabla ya kuandika chochote. Mpaka wa pili ni paneli ya seva. Anayeingia kwenye paneli ya kampuni inayohifadhi tovuti anaweza kubadilisha jina la folda ya plagini ya Two-Factor, na uthibitisho ukazimika papo hapo. Kwa mwenye tovuti aliyepoteza simu na misimbo, huo ni mlango wa dharura. Kwa mvamizi ni njia ya mkato. Hivyo paneli ya seva, akaunti ya usajili wa jina la tovuti, na barua pepe inayopokea viungo vya kubadilisha nywila vyote vinahitaji hatua ya pili, tena kabla ya dashibodi yenyewe.

Masasisho

Tarehe 26 Januari 2017 WordPress ilitoa toleo 4.7.2. Tangazo la siku hiyo lilitaja kasoro chache tu. Moja, iliyo kubwa kuliko zote, ilifichwa kwa makusudi. Kasoro hiyo, iliyokuwemo katika matoleo 4.7 na 4.7.1, ilimwezesha mtu yeyote kubadilisha maandishi ya ukurasa wowote bila kuingia. Ilitangazwa tarehe 1 Februari, baada ya tovuti nyingi kupata muda wa kujisasisha. Katika siku chache zilizofuata, zaidi ya kurasa milioni moja zilibadilishwa maandishi na wavamizi walioshindana kuacha majina yao. Tovuti zilizojisasisha hazikuguswa na kasoro hiyo.

Kisa hicho kinaonesha kwa nini sasisho la usalama halingojei mwisho wa mwezi. Sasisho linapotoka, yeyote anaweza kulinganisha msimbo wa zamani na mpya na kuona ni mstari gani umerekebishwa. Rekebisho ni ramani ya kasoro, na tovuti ambayo bado haijasasishwa hubaki na kasoro ambayo sasa inajulikana na wote.

Tangu toleo 3.7 la Oktoba 2013, WordPress hujiwekea yenyewe masasisho madogo ya usalama, yale yanayobadilisha namba ya mwisho, kama kutoka 6.4.2 kwenda 6.4.3. Plagini ni jambo jingine. Uwezo wa kuzisasisha zenyewe kutoka kwenye dashibodi uliongezwa katika toleo 5.5 la Agosti 2020, na lazima uwashwe kwa kila plagini kwa kubofya `Enable auto-updates` katika ukurasa wa Plugins. Pia ratiba ya WordPress huamshwa na wageni wanaofungua tovuti, hivyo tovuti isiyotembelewa inaweza kuchelewa kujisasisha. Ukurasa wa Site Health, chini ya Tools, huonesha kama masasisho ya nyuma ya pazia yanafanya kazi, na pia toleo la PHP linalotumika. PHP 7.4, ambayo bado inapatikana kwenye seva nyingi, iliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022.

Plagini za kulipia huleta tatizo la pekee. Mara nyingi fundi aliyejenga tovuti huziweka kwa leseni yake mwenyewe. Leseni ikiisha, au fundi akihama, plagini huendelea kufanya kazi lakini haipokei tena masasisho, na mwenye tovuti haoni tofauti yoyote. Wakati wa kukabidhiwa tovuti, mteja aombe orodha ya leseni, jina lililosajiliwa na tarehe ya mwisho. Nakala za bure za plagini za kulipia, zinazosambazwa kwenye magrupu, ni mbaya zaidi: hazisasishwi, na baadhi huja na msimbo wa mvamizi tayari ndani yake.

Kabla ya sasisho kubwa hutengenezwa nakala rudufu ya vitu viwili, faili na hifadhidata, na kuwekwa nje ya seva ileile. Sasisho likivuruga mwonekano wa tovuti, nakala hurudisha hali ya awali kwa dakika chache. Hofu ya kuvuruga tovuti ndiyo huwafanya wengi waahirishe masasisho, na nakala rudufu ndiyo huiondoa hofu hiyo.

Plagini zisizotumika

Kitufe cha Deactivate huwapotosha watu wengi. Plagini ikizimwa, WordPress huacha kuipakia inapotengeneza kurasa, lakini faili zake zote hubaki katika folda ya `wp-content/plugins`. Seva haijui kwamba plagini imezimwa. Mtu akiandika anwani ya faili ya PHP iliyomo ndani ya folda hiyo, seva huiendesha kama kawaida.

Kisa cha plagini ya File Manager cha mwaka 2020 kinalionesha jambo hili wazi. Plagini hiyo, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, humwezesha msimamizi kupakia na kuhariri faili za seva akiwa kwenye dashibodi. Ndani yake ilitumia maktaba ya wazi iitwayo elFinder, ambayo huja na faili ya mfano yenye jina `connector.minimal.php.dist`. Mwisho huo wa `.dist` huifanya seva isiiendeshe. Watengenezaji wa plagini waliibadilisha jina faili hiyo ikawa `connector.minimal.php`, nayo ikatoka hivyo kwenda kwa watumiaji wote. Kuanzia hapo, yeyote aliyeijua anwani ya faili hiyo aliweza kuiamuru ipokee faili nyingine, bila jina wala nywila.

Kasoro ilijulikana hadharani tarehe 1 Septemba 2020, wakati wavamizi wakiwa tayari wanaitumia, na toleo 6.9 lenye marekebisho likatoka siku hiyohiyo. Kwa kuwa faili iliyo na kasoro iliitwa moja kwa moja bila kupitia WordPress, tovuti ambazo plagini ilikuwa imezimwa zilivamiwa sawasawa na zile zilizoitumia. Baadhi ya wavamizi, wakishaingia, waliifunga faili hiyo kwa nywila ili wavamizi wengine wasiitumie. Nywila na hatua mbili havikusaidia kitu hapo, kwa sababu ukurasa wa kuingilia haukuguswa kabisa. Aliyenusurika ni yule aliyesasisha mapema, au aliyekuwa ameifuta plagini siku alipomaliza kuitumia.

Kufuta kuna mpangilio wake. Kwanza plagini huzimwa kwa Deactivate, kisha kurasa kuu hufunguliwa kuona kama kuna kilichoharibika: fomu, picha, ukurasa wa malipo. Pakiwa salama, hubofywa Delete, na folda yote huondoka kwenye seva. Kwa plagini zinazotunza kumbukumbu, kama majibu ya fomu, kumbukumbu zipakuliwe kwanza, maana baadhi hufuta kila kitu zinapoondolewa. Utaratibu huo unahusu pia mandhari za tovuti. Hubakizwa ile inayotumika, na moja ya asili ya WordPress ya kuangukia pindi inayotumika inapoharibika.

Kuna plagini ambazo zinatumika lakini zimetelekezwa na watengenezaji wake. Hizi ni ngumu kuzitambua, kwa sababu plagini isiyoletewa masasisho huonekana kwenye dashibodi kama isiyo na tatizo. Ukurasa wake katika WordPress.org ndio unaosema ukweli. Pale huandikwa tarehe ya sasisho la mwisho, na kama plagini imeondolewa huoneshwa taarifa kwamba imefungwa. Nyingine huuzwa kwa mtu mwingine. Mwaka 2017 plagini ya Display Widgets, iliyokuwa kwenye tovuti zipatazo 200,000, ilinunuliwa na mmiliki mpya aliyeipenyezea msimbo wa kuchapisha matangazo ya siri, na msimbo huo ukawafikia watumiaji kama sasisho la kawaida. Hakuna mpangilio unaoweza kuzuia jambo hilo moja kwa moja. Kinachopunguza hatari ni kuwa na plagini chache, maana kila moja ni mtengenezaji mwingine anayeaminiwa ndani ya seva.

Mfano wa ukaguzi

Tuseme shule ya sekondari ina tovuti iliyojengwa mwaka 2018, na haijakaguliwa tangu hapo. Ukurasa wa Plugins unaonesha plagini 19, kati yake 11 zikiwa zimewashwa na 8 zimezimwa. Ukurasa wa Users unaonesha wasimamizi sita: mkuu wa shule, mhazini, mwalimu aliyehamishwa, fundi aliyeijenga, na akaunti mbili zenye majina admin na test.

Kazi ya kwanza ni nakala rudufu. Ya pili ni kufuta plagini nane zilizozimwa, ambazo hazihitaji mjadala kwa kuwa tovuti inaendelea bila hizo. Katika 11 zilizobaki, kila moja inaulizwa inafanya kazi gani. File Manager ilitumiwa na fundi kupakia picha siku ya kwanza, basi inaondoka. Plagini ya kuingiza maudhui ya mfano ya mandhari ilimaliza kazi mwaka huohuo wa 2018, nayo inaondoka. Plagini za fomu ni mbili, moja ya maoni na moja ya maombi ya kujiunga, na ya pili inaweza kufanya kazi zote, hivyo ile ya maoni inafutwa baada ya majibu yake kupakuliwa. Kihesabu wageni hakijasasishwa kwa miaka minne, na hakuna anayekiangalia. Zinabaki saba. Zinasasishwa moja moja, tovuti ikitazamwa kila baada ya moja, kisha masasisho ya moja kwa moja yanawashwa kwa zote.

Akaunti zinafuata. WordPress haifuti mtumiaji kabla ya kuuliza maandishi yake yaende wapi, na hapa makosa hufanyika. Chaguo la `Delete all content` hufuta pia habari zote alizochapisha mtu huyo, kwa hiyo huchaguliwa `Attribute all content to` na jina la mtumiaji anayebaki. Akaunti ya admin, ya test, ya fundi na ya mwalimu aliyehamishwa zinaondoka. Mhazini, ambaye kazi yake ni kuweka tangazo la ada, anapewa cheo cha Editor. Msimamizi wa pili anateuliwa, mwalimu wa kompyuta, ili tovuti isitegemee simu ya mtu mmoja. Watatu hao wanapewa nywila mpya na hatua mbili, na misimbo yao ya akiba inaingia kwenye faili ya ofisi. Mwisho, nywila ya paneli ya seva, ambayo fundi bado anaijua, inabadilishwa.

Dalili za uvamizi

Kusasisha na kufuta plagini huziba tundu, lakini hakumwondoi mtu aliyekwisha kuingia. Ndiyo maana ukaguzi haukamiliki bila kutafuta alama zake. Dalili za wazi ni msimamizi asiyejulikana katika orodha ya watumiaji, wageni wa simu kupelekwa kwenye tovuti za kamari huku wa kompyuta wakiona kurasa za kawaida, na matokeo ya Google yanayoonesha maneno ya kigeni au bidhaa za ajabu chini ya jina la tovuti. Dalili isiyoonekana kwa urahisi ni faili zenye mwisho wa `.php` ndani ya `wp-content/uploads`, folda ya picha na nyaraka ambayo kwa kawaida haina haja ya kuwa na msimbo. Folda ya `wp-content/mu-plugins` iangaliwe pia, kwa kuwa plagini zilizomo hujiwasha zenyewe na hazitokei kwenye orodha ya kawaida.

Kwa mwenye ruhusa ya kutumia amri kwenye seva, WordPress inaweza kulinganisha faili zake na zile halisi:

```
wp core verify-checksums
wp plugin verify-checksums --all
```

Amri ya kwanza hukagua WordPress yenyewe, ya pili hukagua plagini zilizotoka WordPress.org. Faili iliyobadilishwa au kuongezwa hutajwa kwa jina. Plagini za kulipia hazikaguliwi hivyo. Dawa yake ni kuzifuta na kuziweka upya kutoka kwa muuzaji.

Tovuti ikithibitika kuvamiwa, hurudishwa kutoka kwenye nakala iliyotengenezwa kabla ya uvamizi, si ya jana tu, kwa kuwa mvamizi anaweza kuwa amekaa kimya wiki kadhaa. Baada ya hapo, kabla wageni hawajaruhusiwa kurudi, plagini yenye tundu hufutwa au kusasishwa, nywila zote hubadilishwa, na funguo za siri zilizo katika faili ya `wp-config.php` huwekwa mpya. Funguo hizo zikibadilika, kila aliyekuwa ameingia hutolewa nje mara moja, akiwemo mvamizi ambaye bado anashikilia kidakuzi cha msimamizi, na kila mmoja hulazimika kuanza upya kwa nywila mpya na tarakimu sita.